Bima ya pengo kwa gari la mkopo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayofika kwenye dawati letu la madai hapa Nairobi, mengine kwa simu, mengine mteja akiwa amesimama mlangoni na barua ya benki mkononi. Hesabu zote ni za shilingi za Kenya.

Bima ya pengo ni nini hasa?

Gari la mkopo lina bei mbili. Moja ni bei ya gari lenyewe, yaani kiasi ambacho mtu angelinunua leo kwenye yadi ya Ngong Road likiwa katika hali lililo nayo. Ya pili ni salio la mkopo benki. Gari likiharibika lisitengenezeke, au likiibwa na lisipatikane, kampuni ya bima hulipa kwa kufuata bei ya kwanza. Benki hudai kwa kufuata ya pili. Salio likiwa kubwa kuliko bei, ile tofauti inabaki kwako: unadaiwa gari ambalo halipo.

Bima ya pengo hulipa tofauti hiyo. Haifanyi kazi nyingine. Bampa likivunjika, au ukigongwa ubavuni na gari likatengenezwa Industrial Area wiki mbili likarudi, hiyo si kazi yake.

Nimelipia komprehensivu. Kwa nini isitoshe?

Kwa sababu komprehensivu, yaani bima kubwa ya gari lenyewe, haikuahidi kulipa mkopo wako. Iliahidi kukurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, na dakika hiyo ulikuwa na gari la bei fulani, si gari la bei ya salio lako.

Shida inaletwa na mwendo wa namba hizo mbili. Gari hushuka bei upesi mwanzoni. Mkopo nao hushuka polepole mwanzoni, kwa kuwa riba hupigwa juu ya salio lote. Chukua mkopo wa 1,900,000 kwa miaka 5, riba ya asilimia 16 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Utalipa karibu 46,200 kila mwezi. Katika malipo ya kwanza, 25,300 ni riba tupu, na ni kama 20,900 tu inayopunguza deni. Watu wengi hudhani wakishalipa nusu milioni deni limepungua nusu milioni. Waombe benki taarifa ya mkopo waone.

Nionyesheni kesi moja ilivyokwenda.

Tuchukue ya mteja wetu mmoja kutoka Kasarani. Namba tumezisawazisha kidogo ili zisomeke, na jina tunalihifadhi.

Alinunua gari la 2,100,000, akatoa 200,000 mfukoni na kukopa 1,900,000 kwa masharti tuliyoyataja hapo juu. Mthamini wa benki aliliandikia gari hilo 1,950,000, kumaanisha bei ya yadi ilikuwa imepanda juu ya soko tangu siku ya kwanza. Bima ilipofika mwaka na kuhuishwa, lilithaminiwa upya, likaandikwa 1,600,000. Mwezi wa 14 akagongana na lori Thika Road usiku, na asesa, yaani mkaguzi wa hasara, akasema chasi imepinda, gharama ya kulitengeneza haina maana. Raitofu, gari la kufutwa.

Asesa aliangalia kilomita, ambazo zilikuwa nyingi, na alama za matengenezo ya zamani mlangoni, akaweka bei ya gari kabla ya ajali kuwa 1,480,000. Ekses yake, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe, ilikuwa asilimia 2.5, ambayo ni 37,000. Kampuni ya bima ikalipa 1,443,000.

Kwa ratiba ya mkopo, baada ya malipo 14 salio lilipaswa kuwa 1,581,000. Lakini barua ya benki ilisema 1,679,000. Ndipo tulipomuuliza, naye akakiri kwa sauti ya chini kwamba miezi miwili ya mwisho hakulipa. Malipo mawili ni 92,400, weka riba yake ya kuchelewa na faini, ikafika 98,000.

Sasa angalia bima ya pengo ilivyohesabu. Haikutazama barua ya benki peke yake. Ilichukua salio la ratiba, 1,581,000, ikatoa bei ya gari kama ilivyokubaliwa na asesa, 1,480,000, ikalipa 101,000. Baada ya malipo yote mawili mteja alibaki akidaiwa 135,000: ekses 37,000 na malimbikizo 98,000.

Alikasirika. Kwake yeye pengo lilikuwa 236,000, kwa sababu ndiyo namba aliyoiona kwenye barua ya benki ukiondoa hundi ya bima. Kwenye mkataba wake, pengo lilikuwa 101,000 na si zaidi. Tofauti ya maana hizo mbili ndiyo sababu ya ukurasa huu.

Mbona bima haikulipa 1,600,000 iliyoandikwa kwenye hati?

Ile 1,600,000 ni dari. Inasema kampuni haitavuka hapo hata gari liwe na bei gani. Haisemi italipa hapo. Kinacholipwa ni bei ya soko siku ya tukio, na bei ya soko ikiwa chini ya dari, unapata ya soko.

Kuna wateja wanaokuja na wazo ambalo linaonekana la busara: nadaiwa 1,581,000, kwa hiyo nitaliwekea gari bima ya 1,700,000 nilale salama. Hulali salama. Kila mwaka unalipa premiamu, yaani ada ya bima, iliyopigwa juu ya 1,700,000 na siku ya msiba unapewa 1,480,000 ile ile. Isipokuwa hati yako imeandikwa wazi kwamba thamani imekubaliwa na pande zote mbili tangu mwanzo, na hiyo huonekana zaidi kwenye magari ya kizamani yanayotunzwa kuliko kwenye gari la kwenda kazini.

Na nikiandikisha gari kwa bei ya chini ili premiamu ipungue?

Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, hasa wakati wa kuhuisha, mwezi wa Januari ukiwa umembana mtu kwa karo. Tuseme yule mteja wa Kasarani angeandika 1,200,000 badala ya 1,600,000. Kwa premiamu ya asilimia 4 angeokoa 16,000. Gari likaenda, dari ni 1,200,000, na hapo soko linasema 1,480,000. Amepoteza 280,000 kwa kuokoa 16,000.

Atakimbilia bima ya pengo. Mikataba ya aina hii kwa kawaida huhesabu kana kwamba gari lilikuwa limewekewa bima ya bei yake kamili. Kwa hiyo itatoa 1,480,000 kwenye hesabu, si 1,200,000, na zile 280,000 hazina mlipaji. Kuna jambo baya zaidi: gari lililoandikishwa chini huumia hata kwa ajali ndogo, kwa kuwa kampuni inaweza kulipa matengenezo kwa uwiano. Umeweka bima ya robo tatu, unalipwa robo tatu.

Ni nini kingine ambacho pengo halilipi?

Malimbikizo, faini za kuchelewa na ekses tumeshaziona. Angalia pia nyongeza ya mkopo. Benki nyingi humpigia simu mteja mwema baada ya mwaka na kumwongezea pesa juu ya mkopo wa gari, za karo au za plumbing ya nyumba ya ushago. Pesa hizo hazikununua gari, na bima ya pengo haizitambui. Vivyo hivyo kwa vitu vilivyobebwa ndani ya mkopo tangu mwanzo, kama premiamu ya mwaka wa kwanza au bei ya traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo: mikataba mingine huvikubali, mingine huviondoa. Kipengele hicho kiulizie kabla ya kutia sahihi, kwa sababu kinaweza kufika laki moja kwa urahisi.

Ukiamua kubaki na mabaki ya gari, ile salveji, ili uuze injini na magurudumu mwenyewe Kirinyaga Road, kampuni itakata bei yake kwenye hundi. Makato hayo hayahesabiwi kuwa pengo. Na kwa gari la mkopo, uamuzi huo si wako peke yako, kwa kuwa jina la benki limo kwenye logibuku pamoja na lako.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: bima ya pengo hutembea nyuma ya komprehensivu. Komprehensivu ikikataa kulipa, pengo nalo linakataa. Sababu tunayoiona sana Nairobi ni gari la matumizi ya binafsi lililokuwa likibeba abiria wa teksi za mtandao jioni. Dereva anasema ni saa mbili tu baada ya kazi. Asesa anapata stakabadhi za safari kwenye simu, na dai zima linaanguka. Hapo hakuna pengo la laki moja tena, kuna deni zima la milioni moja na nusu. Kama gari linafanya teksi, hata Jumamosi peke yake, liandikishe hivyo. Premiamu itapanda. Iache ipande.

Si benki ilishanikata bima ya mkopo siku ya kuchukua gari?

Ilikukata, ndiyo, lakini soma jina lake. Bima hiyo hulipa mkopo wewe ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, na baadhi huongeza kupoteza kazi. Inamlinda benki dhidi ya msiba wa mtu. Gari likiteketea nawe ukatoka mzima, haina habari nawe. Wateja watatu kati ya wale tunaowakumbuka vizuri walifika hapa wakiwa na uhakika kwamba hiyo ndiyo bima ya pengo, na mmoja alikuwa mhasibu.

Pesa hupitia wapi, na niendelee kulipa mkopo wakati dai linashughulikiwa?

Endelea kulipa. Hilo kwanza.

Siku ya tukio unapiga ripoti polisi upate namba ya OB, baadaye abstrakti. Unajaza fomu ya dai, asesa anakagua, kampuni inatoa kiasi inachokubali. Wewe unaomba benki barua ya salio, na hapa omba namba mbili kwenye barua moja: salio la siku ya tukio, na salio la leo. Ukikubali kiasi, unatia sahihi vocha ya kukubali malipo. Kwa kuwa hati ya bima inataja maslahi ya benki, hundi huenda benki moja kwa moja, si kwako. Benki ikisharidhika inaachilia jina lake kupitia eCitizen, na kampuni ya bima inachukua mabaki. Pengo hulipwa mwisho, kwa sababu haliwezi kujulikana kabla ya kujua kampuni ya bima imelipa ngapi.

Hili linakula wiki, mara nyingine miezi. Na salio linalotumika kwenye hesabu ya pengo hugandishwa siku ya tukio. Riba ya baada ya hapo ni yako. Kwa salio la 1,581,000 riba ni karibu 21,000 kwa mwezi. Dai likichukua miezi mitatu nawe umeacha kulipa kwa sababu "gari halipo", umeshajichimbia shimo la zaidi ya 63,000, bila kuhesabu faini na jina lako kupelekwa CRB.

Ni uchungu kulipia gari ambalo unaliona kwenye picha tu. Tunajua.

Likiibwa, hesabu inabadilika?

Inabadilika kwenye ekses. Kwa wizi, viwango tunavyovikuta mara nyingi kwenye hati ni asilimia 10 kwa gari lenye traka na asilimia 20 kwa lisilo nayo. Kwa gari letu la 1,480,000 hiyo ni 148,000 au 296,000, na kama tulivyosema, pengo halibebi ekses. Mtu ana bima ya pengo, kisha traka imekufa kwa sababu hakulipia huduma yake ya mwaka. Piga simu kwa waliokufungia wakuthibitishie kwamba inatoa ishara, na uhifadhi jibu lao kwa maandishi. Kampuni nyingi za bima zina nyongeza ndogo inayofuta ekses. Uliza kama inafuta na ya wizi, maana mara nyingi haifuti.

Nitajuaje kama nina pengo leo?

Fungua programu yoyote ya majedwali kwenye simu au kompyuta na uandike hivi, ukibadilisha riba, miezi uliyolipa, malipo ya mwezi na kiasi ulichokopa:

```
=FV(16%/12, 14, 46204, -1900000)
```

Itakujibu 1,581,086 au karibu na hapo. Hilo ndilo salio la ratiba. Kisha tafuta bei ya gari lako. Usitumie bei ambazo watu wanaomba mtandaoni, hizo ni ndoto za wauzaji. Tumia ripoti ya mthamini ya karibuni, na kama imepita nusu mwaka, ipunguze kidogo. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Ukibaki na kitu, hilo ni pengo lako.

Ulinganishe na gharama. Pengo la 30,000 linalokufa baada ya miezi sita halihitaji bima, linahitaji akiba. Pengo la laki mbili litakalodumu miaka miwili ni jambo jingine. Na kama bei ya bima yenyewe inaingizwa ndani ya mkopo, kumbuka unailipia riba ya asilimia 16 pia.

Mkopo wangu ni wa riba ya moja kwa moja, si ya salio linalopungua.

Hapo kuwa macho. Ukikopa 1,900,000 kwa asilimia 10 ya moja kwa moja kwa miaka 5, riba ni 950,000 na jumla ni 2,850,000. Wakopeshaji wengine huandika jumla hiyo yote kuwa deni. Baada ya malipo 14 ya 47,500, taarifa yao inasema unadaiwa 2,185,000. Bima ya pengo haitalipa riba ya miaka ambayo haijafika. Mwombe mkopeshaji, kabla ya kusaini, akuandikie njia ya kuhesabu deni ukilimaliza mapema. Akikataa kuandika, amekujibu.

Sina bima hii na gari limekwisha haribika. Nifanyeje?

Kwanza bishana na bei ya asesa, kwa adabu na kwa karatasi. Ripoti ya mthamini ya wakati wa kuhuisha, risiti za matairi mapya, rekodi za huduma. Tumeona bei ikipanda kwa makumi ya maelfu kwa sababu ya faili iliyopangwa vizuri, na kila shilingi inayopanda hapo inapunguza deni lako. Ukiona umeonewa kabisa, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, pale Upper Hill, hupokea malalamiko dhidi ya makampuni.

Kisha nenda benki kabla hawajakuita, uombe salio ligeuzwe kuwa mkopo wa kawaida wa muda unaoweza. Usikubali linaloitwa suluhisho la haraka, la kuchukua gari jingine na kubebesha deni la zamani juu yake. Utaanza safari mpya ukiwa tayari na pengo.

Niifute lini?

Siku pengo linapofungika. Kwa mkopo wetu wa mfano, mwezi wa 36 salio litakuwa kama 943,000. Kama gari bado lina bei ya 1,150,000, hakuna kitu cha kulipwa hata likiungua kesho, na unaendelea kutoa pesa bure. Piga hesabu ile ya jedwali kila unapohuisha komprehensivu, ukiwa na ripoti mpya ya mthamini mezani. Ukimaliza mkopo mapema au ukiuza gari, andika barua ya kuifuta siku hiyo hiyo na uulize kama kuna sehemu ya premiamu inayorudishwa. Kwa iliyolipwa mara moja kwa miaka yote mara nyingi ipo, ila hakuna atakayekupigia simu kukuambia.